Bima ya blakboksi kwa madereva vijana Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi wa Kiswahili tunaoishi Uingereza na watoto wetu waliofikisha umri wa leseni tunaulizana kila mara. Majibu yanahusu Uingereza tu. Bei zote zilizotumika kwenye mifano ni za kuonyesha hesabu inavyokwenda, kotesheni yako itakuwa na namba zake.

## Mambo ya mwanzo

Blakboksi ni nini, na inatofautiana vipi na traka tuliyozoea kule nyumbani?

Traka ya Nairobi au Dar mara nyingi ni ya kutafuta gari likiibiwa, au ya mwenye gari kujua dereva wake yuko wapi. Blakboksi ya bima ina vitu karibu vilevile ndani yake, yaani GPS, laini ya simu na kihisio kinachosikia gari likisukumwa mbele, nyuma au pembeni, ila kazi yake ni nyingine kabisa: inaipimia kampuni ya bima namna gari linavyoendeshwa, na kipimo hicho, yaani alama au pointi zako, kinaingia kwenye bei.

Si lazima liwe boksi kweli. Kuna lile linalofungwa na fundi chini ya dashibodi, kuna la kujifungia mwenyewe kwenye betri au kwenye tundu la sigareti, kuna kidude kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele kinachoongea na simu yako kwa blututhi, na kuna apu peke yake. Uliza mapema utapewa ipi maana matatizo yake hayafanani (angalia swali la apu na basi huko chini).

Mwanangu ana miaka 18, gari lake la pauni 1,500, mbona anaambiwa bima ni zaidi ya pauni 2,000? Si bora anunue gari lingine kila mwaka?

Swali hili linaumiza wazazi wengi na naelewa kabisa. Lakini kampuni haiogopi gari lako, inaogopa watu wengine. Bima ya lazima ya Uingereza inalipa majeraha ya watu wengine bila kikomo, kwa hiyo kijana akimgonga mtu akapooza, kampuni inaweza kulipa mamilioni ya pauni, matunzo ya maisha yote, na hapo thamani ya kigari chako haina maana yoyote. Na dereva mpya hana historia, kwa hiyo anawekwa kapu moja na wenzake wote wa umri wake, wazuri na wabaya.

Zamani kampuni zilipunguza bei kwa wasichana kwa sababu wavulana ndio waliokuwa wanapata ajali kubwa zaidi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikapiga marufuku kutumia jinsia kwenye bei, marufuku ikaanza tarehe 21 Desemba 2012, na Uingereza imebaki nayo hata baada ya kutoka Umoja huo. Hiyo ni sababu moja blakboksi zilipata nguvu miaka ile, kampuni ilihitaji kitu kingine cha kutenganisha watu, na kumwangalia mtu anavyoendesha ni haki zaidi kuliko kuangalia kama ni Ali au Asha.

Bima ya blakboksi na bima ya kulipa kwa maili ni kitu kimoja?

Hapana, na watu wanachanganya sana. Blakboksi inaangalia unaendesha *vipi*. Ya kulipa kwa maili inaangalia *kiasi gani* tu: unalipa kiasi fulani kwa mwaka kwa ajili ya gari kukaa limepaki (likiibiwa au likiungua), halafu kila mwezi unalipa peni kadhaa kwa kila maili uliyoenda. Kuna mikataba inayochanganya yote mawili.

Tuseme bima ya kawaida ni pauni 1,800, na ya maili ni pauni 900 za mwanzo pamoja na peni 9 kwa maili. Ukienda maili 5,000 kwa mwaka unalipa 900 na 450, jumla 1,350, umeokoa. Ukienda 10,000 zinakuwa 900 na 900, sawasawa na ile ya kawaida, na kuanzia hapo kila maili ni hasara labda kama mkataba una ukomo. Mwanafunzi anayeacha gari nyumbani muhula mzima inamfaa. Anayekwenda kazini kila siku afanye hesabu kwanza. Na angalia umri, baadhi ya kampuni za maili hazichukui vijana wadogo kabisa.

## Data gani inachukuliwa

Wanarekodi nini hasa?

Mahali gari lilipo, saa na siku, umbali, aina ya barabara, spidi ukilinganisha na kikomo cha pale, namna unavyokanyaga mafuta, unavyofunga breki, unavyokata kona, na mshtuko mkubwa kama wa ajali. Apu inaongeza kitu kimoja muhimu: inajua kama simu imeshikwa au skrini imeguswa wakati gari linakwenda. Boksi la kawaida halina kamera wala maikrofoni, haisikii mnaongea nini.

Ila data ya mahali peke yake inasema mengi. Miezi michache tu inaonyesha unalala wapi, unafanya kazi wapi, unasali wapi Ijumaa au Jumapili. Una haki ya kisheria kuiomba kampuni ikupe nakala ya data yote inayokuhusu, bure, na inatakiwa ijibu ndani ya mwezi mmoja. Sio lazima uwe na ugomvi nao ndio uombe.

"Breki kali" inapimwaje? Binti yangu anaendesha taratibu na bado anakatwa pointi.

Hapa inabidi tushike namba kidogo lakini ni rahisi. Kihisio hakijui kama ulikuwa na spidi kubwa au ndogo, kinajua spidi imeshuka *haraka kiasi gani*. Chukua gari linalokwenda maili 30 kwa saa. Likisimama kwa sekunde 6 linatumia kama mita 40, na nguvu ya breki ni kama robo ya mvutano wa dunia, abiria hata kikombe cha chai hakimwagiki. Likisimama kwa sekunde 3 linatumia mita 20 tu na nguvu inakaribia nusu ya mvutano wa dunia, mkoba ulioko kwenye siti unaanguka chini. Kila kampuni ina mstari wake, lakini ile ya pili itahesabiwa breki kali karibu kote, hata kama spidi ilikuwa halali.

Kwa hiyo dereva mtaratibu anayekatwa pointi mara nyingi shida yake ni kuchelewa kuona. Anaiona taa nyekundu, anabaki na mguu kwenye mafuta, anafunga breki mwishoni. Au anamfuata mwenzie karibu mno. Mwambie aachie mafuta mapema pale anapoona taa au mzunguko kwa mbali, hiyo peke yake inabadilisha alama kuliko kupunguza spidi. Na breki moja kali ya kumkwepa mtoto aliyekimbia barabarani haiharibu kitu, mfumo unaangalia mazoea ya wiki na miezi, kwa hiyo hata siku moja asisite kukanyaga breki kwa kuogopa alama.

Boksi linajua nani anaendesha?

Lililofungwa kwenye gari halijui. Ukimwazima mjomba gari na yumo kwenye mkataba, alama zake zote zinamwangukia kijana wako. Mama akikimbia airport saa tisa usiku na gari la mtoto, ni mtoto ndiye amesafiri usiku. Familia nyingi zinashangaa alama zimeshuka kumbe ni baba. Kama hayumo kwenye mkataba kabisa basi asiguse usukani, hilo ni kosa lingine kubwa zaidi ya alama (angalia swali la kupeleka chakula, adhabu ni ileile).

Wakiona nimepita spidi wananipeleka polisi?

Kwa kawaida kampuni haitumi spidi zako polisi ili uandikiwe faini, na pointi za apu hazina uhusiano na pointi za leseni. Lakini polisi wanaochunguza ajali mbaya au uhalifu wanaweza kuiomba data hiyo kwa utaratibu wa sheria, na kampuni yenyewe inaweza kuitumia ikishuku udanganyifu.

Kuna katazo la kuendesha usiku?

Mikataba ya zamani ilikuwa nayo, mfano saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na ukitoka muda huo unatozwa. Mingi ya sasa haina katazo lakini saa za usiku zinapunguza alama, maana ndipo vijana wanapoumia sana, giza, uchovu, gari limejaa marafiki. Kijana mwenye kazi ya shifti za usiku aulize hili *kabla* ya kulipa.

## Pesa: bei inabadilikaje

Nikiendesha vizuri bei inashuka lini?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya yote na watu wengi hawaulizi, wanaona neno "diskaunti" wanabonyeza. Kuna mitindo mitatu.

Mtindo wa kwanza, diskaunti unapewa mwanzoni kwa kukubali boksi, na alama zako zinafanya kazi wakati wa kurinyu tu. Mwaka mzima bei haigusiki. Wa pili, bei inaangaliwa upya katikati ya mkataba, kila mwezi au kila miezi mitatu, na baadhi inaweza *kupanda* pia sio kushuka tu. Wa tatu, unanunua maili za mwaka, tuseme 6,000, ukiendesha vizuri unapewa maili za bonasi, zikiisha unaongeza kwa pesa.

Kama mnalipa kwa mwezi na bajeti imebana, mtindo wa pili unaweza kuwatikisa. Soma ile sehemu inayosema bei inaweza kupanda kiasi gani na mara ngapi. Kama haijaandikwa, wapigie na uwaombe wakutumie jibu kwa imeili.

Nipe mfano wa maili zikiisha.

Kijana wa miaka 19, Leicester, amenunua maili 6,000 kwa pauni 1,650. Miezi minne ya mwanzo anakwenda maili 500 kwa mwezi, jumla 2,000, kila kitu shwari. Mwezi wa tano anapata kazi ghala la nje ya mji, sasa anakwenda 900 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa nane amefika 5,600, na kabla ya mwezi wa tisa kwisha 6,000 zimeshapita. Mpaka mwaka uishe atahitaji 9,200, yaani 3,200 zaidi. Kama elfu moja inauzwa pauni 70 na haiuzwi nusunusu, ananunua nne, pauni 280.

Lakini maili sio shida yake kubwa. Alipoomba bima aliandika gari ni la matembezi tu, na sasa boksi linaonyesha kila siku ya kazi limepaki ghalani kwa muda wa saa nane. Kwenda kazini ni matumizi mengine, inabidi aongeze kwenye mkataba. Angewapigia simu wiki aliyoanza kazi pengine angelipa nyongeza ndogo. Akikaa kimya halafu akagonga, kampuni ina rekodi mkononi ya kumkatia malipo.

Mwaka ukiisha, nahama na alama zangu?

Alama kwa kawaida hazihami, kampuni mpya inaanza upya. Kinachohama ni mwaka wako wa kutodai, yaani mwaka uliopita bila kuidai kampuni malipo, na huo unaupata hata kama alama za apu zilikuwa za wastani, mradi hukudai. Tangu Januari 2022 kampuni haziruhusiwi kumtoza anayerinyu bei kubwa kuliko ambayo wangempa mteja mpya anayefanana naye. Lakini hilo linalinganisha kampuni na yenyewe tu, jirani yake anaweza kuwa nafuu zaidi, kwa hiyo tafuta kotesheni wiki tatu hivi kabla ya mwisho, usingoje siku ya mwisho.

## Mambo yanapoharibika

Apu inasema nilipita spidi na nina uhakika sikupita. Nifanyeje?

Inawezekana kabisa uko sahihi. GPS inaweza kukuweka mita kadhaa pembeni, na kama kuna barabara ndogo ya maili 20 imelala sambamba na kubwa ya maili 40, mfumo unakuhesabu uko kwenye ndogo. La pili ni ramani kuchelewa. Tarehe 17 Septemba 2023 Wales ilishusha kikomo cha kawaida cha mitaa kutoka 30 hadi 20, halafu baadaye baadhi ya barabara zikarudishwa 30. Ramani ya kampuni isipofuata mabadiliko kama hayo unakatwa pointi ukiwa halali.

Dalili yake ni kwamba kosa linatokea palepale kila siku, kipande kilekile cha barabara. Fungua ile safari kwenye apu, piga skrinishoti inayoonyesha mahali, saa na kikomo walichoandika, halafu mtu mwingine apige picha kibao chenyewe barabarani (sio dereva akiwa anaendesha tafadhali), tuma vyote kwa imeili. Wakikataa, andika malalamiko rasmi. Wana wiki 8 za kukujibu, na usiporidhika unakwenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi huru wa malalamiko ya kifedha, bila malipo, ndani ya miezi 6 tangu jibu lao la mwisho.

Nimetumiwa notisi kwamba bima yangu itafutwa baada ya siku 7. Niache tu ifutwe nitafute nyingine?

Usiache! Hili ndilo linaloumiza vijana kuliko alama mbaya zote. Kampuni ikikufutia, kila kotesheni ya mbele itakuuliza kama umewahi kufutiwa au kukataliwa bima, inabidi ujibu ndiyo, na bei inapaa au wanakukataa kabisa.

Siku hizo 7 zitumie. Piga simu siku hiyohiyo, uliza ni safari ipi imesababisha, kama data ina makosa fuata jibu la juu na uwaombe wasimamishe kufuta mpaka wachunguze. Kama kosa ni lako kweli, mfano spidi ya ajabu motowei, uliza kama wanakuruhusu *kujitoa mwenyewe* kabla ya tarehe, kwa maandishi, na bima mpya ianze dakika ileile. Swali la kotesheni lisome kwa makini na ujibu ukweli, kwa sababu mengine yanauliza pia kama ulijitoa baada ya kutishiwa kufutiwa. Na usipitishe hata siku moja bila bima ukiwa barabarani.

Apu imenihesabia safari ya basi.

Apu inasikia mwendo tu, haijui ni basi la Coventry au gari lako. Ingia kwenye safari ile uibadilishe iwe ya abiria, nyingi zinakupa siku chache tu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: simu ikizima apu ili kuokoa betri safari hazirekodiwi, na kampuni inaona unaficha. Kwenye Android ruhusa ya mahali iwe `Allow all the time`, kwenye aifoni `Always`, na uitoe apu kwenye orodha ya zinazobanwa betri.

Boksi linasaidia nini nikigongwa?

Linasaidia sana kama huna kosa. Data inaonyesha ulikuwa umesimama sekunde ngapi kabla ya kugongwa, au mshtuko ulikuwa mdogo kiasi gani, na hapo anayedai kavunjika shingo kwenye mguso wa kupaki anapata shida kuwashawishi. Inakata pande zote lakini, kama ulikuwa 45 kwenye 30 itaonekana pia.

## Kesi za pembeni

Baba ana miaka 20 ya kuendesha. Tuandike bima kwa jina lake, kijana awe dereva wa pili, tukwepe boksi?

Kama gari kweli ni la baba na kijana analichukua mara mojamoja, ni halali. Kama kijana ndiye analiendesha kila siku ni udanganyifu, na huwa unajulikana siku ya ajali, gari limepaki chuoni, siti imesogezwa mbele, baba yuko mji mwingine. Mkataba unaweza kubatilishwa na baba naye anachafuka rekodi.

Kijana anataka kupeleka chakula jioni, Deliveroo au Uber Eats. Bima ya boksi inamfunika?

Karibu kila mara hapana. Kubeba chakula kwa malipo kunahitaji bima ya biashara hiyo, na boksi linaonyesha wazi vituo kumi na vitano vya dakika mbilimbili kati ya saa kumi na mbili na saa nne usiku. Akikamatwa anahesabiwa hana bima, faini pauni 300 na pointi 6. Na sheria ya madereva wapya ya 1995 inasema ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu upasi mtihani, leseni inafutwa, unaanza tena na ya mwanafunzi, unarudia mtihani wa nadharia na wa barabarani. Yaani jioni moja ya piza inamrudisha mwanzo kabisa.

Nina miaka 23, leseni ya Kenya (au Tanzania) miaka mitano. Boksi linanifaa?

Unaruhusiwa kuendesha na leseni hiyo miezi 12 tangu uwe mkazi wa hapa, baada ya hapo unahitaji ya Uingereza na kwa nchi zetu hakuna kubadilisha tu dirishani, ni mtihani. Miaka yako ya kutodai ya nyumbani kampuni nyingi haziihesabu, kwa hiyo boksi ni njia ya kujionyesha. Lakini chagua mkataba wenye mtindo wa pili au wa tatu, kwa sababu wa kwanza utakusubirisha mwaka mzima.

Nauza gari. Boksi nalitoa?

Usilikate mwenyewe, wataona ni kuchezea kifaa. Wapigie kampuni kwanza, wengine wanalizima kutoka mbali na kuliacha ndani, wengine wanataka lirudishwe. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi wa gari lililotumika, mwulize muuzaji kama lina boksi na uombe uthibitisho limezimwa. Chungulia chini ya dashibodi na karibu na betri, kiboksi kidogo cheusi chenye stika na waya mbili tatu ndicho hicho, na kampuni iliyoandikwa kwenye stika ndiyo ya kuipigia.